Boti inajifungua usiku Dunga. Nitumie fundo gani?

Boti_ya_Dunga
Wadau, habarini. Nina boti ya faiba ya futi 23, injini farasi 15. Mchana nazungusha wageni, jioni naifunga pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huku Kisumu, kwenye nguzo ya mti. Nguzo hiyo ilikuwa nchi kavu kabla ziwa halijapanda mwaka 2020, siku hizi maji yanafika kiunoni.

Kamba ni ile ya bluu ya dukani, unene milimita 12, na ni mpya. Fundo ni lile la kuzungusha nguzo mara mbili na kupitisha kamba chini yake yenyewe, halafu nusu fundo moja juu. Ndivyo kila mtu pwani hii anavyofunga.

Wiki iliyopita boti ilitoka usiku. Watu wa omena waliikuta nje huko alfajiri wakirudi, wakaivuta. Kamba haikukatika. Ilikuwa inaelea mbele ya boti, nzima, imenyooka kama haijawahi kufungwa. Na wakati wanaivuta, zile kamba mbili walizounganisha nazo ziliachana mara moja njiani.

Naomba kujua fundo gani linafaa nguzoni, na lipi la kuungia kamba mbili. Na msiniambie ni wezi, mwizi angechukua injini.

Jembe_la_Usenge
Omera, nusu fundo moja ni kidogo. Weka tano au sita. Mimi naweka mpaka kamba iishe na haijawahi kutoka.

Mlamu_Kisumu
Shida yako ni kamba fupi. Huku kwetu Lamu maji yakipwa na kujaa, ukifunga kwa kubana, chombo kinaning'inia au kinang'oa nguzo. Acha kamba ndefu, chombo kipande na kushuka na maji. Fundo lolote litashika.

Nahodha_Mstaafu
Mlamu, ziwa halina kupwa na kujaa kwa namna ya bahari. Maji hupanda na kushuka kwa miezi na miaka. Kamba ndefu ina faida zake, lakini hapa kinachosumbua fundo ni upepo. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka na kuvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo boti iliyofungwa jioni huwa imelala upande wa ufukweni, kamba imelegea. Usiku wa manane upepo ukigeuka, inaanza kwenda nje. Inavuta, inalegea, inavuta tena. Na kila inapovuta inabadilisha upande.

Sasa tazama fundo lako. Lile la kuzungusha nguzo mara mbili na kubana chini yake (sisi melini tuliliita fundo la kigingi) linashika vizuri kwa sharti moja: kamba ivute upande mmoja bila kuacha. Ndiyo maana ni zuri kwa kuning'iniza matairi ubavuni mwa boti, kwa sababu uzito wa tairi unavuta chini wakati wote. Likifungwa kwenye nguzo ya mviringo na boti ikaizunguka kutoka kushoto kwenda kulia, linabingirika juu ya nguzo na mkia unaingia ndani kidogo kidogo. Nusu fundo moja haiwezi kuuzuia usiku mzima.

Kabla sijaendelea, chukua kipande cha hiyo kamba ukitupe majini. Kinaelea au kinazama?

Boti_ya_Dunga
Kinaelea, jaduong'. Lakini ni nailoni, ndivyo alivyoniambia mwenye duka.

Nahodha_Mstaafu
Nailoni huzama. Inayoelea ni polipropilini, hata dukani waiite jina gani. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lako.

Wazee waliotufundisha kufunga walitumia katani. Katani ina manyoya, inajishika yenyewe, na ikilowa inavimba na kubana. Fundo la kigingi na nusu fundo moja kwenye katani lilikuwa likilala mpaka asubuhi, na shida ilikuwa kulifungua. Polipropilini mpya ni laini na ngumu, haivimbi, na ina tabia ya kutaka kunyooka. Fundo ni lile lile walilotuachia, kamba imebadilika. Hii ya bluu inataka mizunguko zaidi na mkia mrefu zaidi ya ile ya zamani.

Nguzoni fanya hivi. Zungusha nguzo mara mbili kamili, kamba ziwe zimelala bega kwa bega bila kupandana. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mzigo, si fundo. Kisha chukua mkia, upitishe juu ya kamba inayokwenda kwenye boti, uizungushe na utoke katikati. Hiyo ni nusu fundo. Fanya ya pili kwa kuzunguka upande ule ule wa kwanza. Ukimaliza, tazama zile nusu fundo mbili: zinatakiwa zionekane kama fundo la kigingi dogo lililofungwa juu ya kamba yenyewe. Kama moja imegeukia upande mwingine, ivunje na urudie. Kwa kamba ya bluu ongeza ya tatu, na uache mkia usiopungua shibiri moja. Vuta kila sehemu mpaka ikae, ndipo uondoke.

Jembe_la_Usenge
Si ndiyo nilisema aongeze nusu fundo?

Nahodha_Mstaafu
Umesema nusu ya jambo. Nusu fundo tatu juu ya mizunguko miwili zinatosha. Sita juu ya mzunguko mmoja, kila mvuto unafika kwenye fundo la kwanza, linakaza mpaka linakuwa jiwe, na zile tano za nyuma hazifanyi kazi yoyote. Siku ukitaka kutoka haraka utakata kamba.

Jembe_la_Usenge
Kisu ninacho.

Mwalimu_wa_Mbita
Mimi nauliza, kwa nini asitumie bolini? Kile kitanzi kisichokaza. Kila anayefundisha mambo ya vyombo anaanza nacho. Unatengeneza kitanzi, unakivisha nguzo, kwisha. Na asubuhi kinafunguka kwa vidole viwili.

Nahodha_Mstaafu
Mwalimu, bolini naipenda na nitaieleza. Lakini ina mambo mawili yanayoifanya isifae upande wa nguzo.

La kwanza: haifunguki ikiwa imevutwa. Hiyo sifa ya kufunguka kwa vidole viwili ni ya baada ya mzigo kuondoka. Chukua kisa cha hapo hapo Dunga. Kisiwa cha gugumaji kinakuja na upepo wa alasiri, kinaegemea boti. Gugumaji hilo ni zito kupita linavyoonekana, na linasukuma bila kupumzika. Kamba inakazwa mpaka inalia. Unataka kulegeza boti isogee pembeni kisiwa kipite. Kama nguzoni kuna bolini, huwezi kufanya lolote, kwa sababu ili uifungue lazima kwanza upate kamba iliyolegea, na hakuna. Kama kuna mizunguko miwili na nusu fundo, unafungua nusu fundo huku mkono mmoja umebana mizunguko, halafu unaiachia kamba iteleze taratibu kuzunguka nguzo. Mizunguko miwili inapunguza nguvu kiasi kwamba mtu mmoja anaimudu. Vidole tu visikae kati ya kamba na mti.

La pili: bolini ikitikiswa bila mzigo kwenye kamba ngumu inajilegeza. Vuta, legea, vuta, legea, ndivyo usiku wa Dunga ulivyo. Kwenye polipropilini mpya bolini ya kawaida isiachwe peke yake usiku.

Mahali pake ni upande wa boti, kwenye pete ya mbele, ambako hufungui kila siku.

Boti_ya_Dunga
Hiyo ya pete ya mbele naomba hatua. Mimi nimefunga tu vifundo vya kawaida pale.

Nahodha_Mstaafu
Pitisha mkia ndani ya pete, uje kwako kiasi cha mkono. Kwenye upande wa mzigo, yaani kamba ndefu inayokwenda nguzoni, tengeneza kitanzi kidogo. Sehemu inayoelekea kwenye pete ilale juu, ile inayoelekea nguzoni iwe chini. Ukikosea hapo, hata ukimaliza vizuri fundo litafumuka mkononi. Sasa mkia uingie kwenye kitanzi kidogo kutoka chini, upite nyuma ya kamba ndefu, urudi ndani ya kitanzi kile kile kutoka juu. Shika mkia pamoja na mguu wa kitanzi kikubwa mkono mmoja, kamba ndefu mkono mwingine, uvute.

Kwa kamba yako ya bluu, pale penye kitanzi kidogo kimoja tengeneza viwili vikilaliana, mkia upite ndani ya vyote. Hilo halilegei kirahisi. Mkia uwe angalau mara 12 ya unene wa kamba. Kwa milimita 12 ni kama sentimita 15, na kwa polipropilini mimi huacha mara mbili ya hapo.

Kulifungua: kuna mpindo unaokumbatia kamba ndefu kwa nyuma. Usukume mpindo huo urudi kwa kidole gumba mpaka uvunjike mgongo. Mengine yanafuata yenyewe.

Mwalimu_wa_Mbita
Wanafunzi wangu wengine mkia wao unaishia nje ya kitanzi kikubwa badala ya ndani. Huwa nawaambia warudie.

Nahodha_Mstaafu
Mimi siwarudishi. Linashika. Lakini nilifundishwa ndani na mikono yangu imezoea ndani.

Mwalimu_wa_Mbita
Mkia wa nje si unanasa vitu? Wavu, gugumaji, mguu wa mtu? Ukinaswa unavutwa.

Nahodha_Mstaafu
Na wa ndani unabanwa na kile ulichofungia. Nimeona mabaharia wakibishana hilo toka chai mpaka chakula cha mchana.

MamaMbuta_Nakuru
Samahani kuingilia. Mimi napakia samaki, mbuta, Luanda Kotieno kuja Nakuru na pikapu. Kila nikifika Londiani turubai imelegea, inapiga makofi njia nzima, barafu inayeyuka. Hizo bolini zitanisaidia?

Naivasha_Maboti
Mama, huu uzi ni wa boti.

Nahodha_Mstaafu
Mwache, kamba ni kamba. Mama, bolini peke yake haitakaza, maana haina namna ya kuvuta. Weka bolini kwenye ndoano ya upande mmoja, pitisha kamba juu ya turubai. Ukifika upande wa pili, katikati ya kamba tengeneza kitanzi kidogo kisichotoka, pitisha mkia kwenye ndoano ya chini, urudishe juu ndani ya kitanzi hicho, halafu vuta kwenda chini. Utapata nguvu zaidi ya mkono wako mtupu. Bana kwa vidole, malizia na nusu fundo mbili. Madereva wa malori hapo Nakuru wanalifunga wakiwa wamefumba macho, mwombe mmoja akuonyeshe.

Na usimame njiani kulikaza tena. Mzigo wenye barafu unapungua kimo barafu inapoyeyuka, kwa hiyo kamba italegea hata fundo liwe sahihi.

MamaMbuta_Nakuru
Hilo la barafu sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa namlaumu kijana wa kupakia. Ahsante mzee.

Boti_ya_Dunga
Turudi kwangu tafadhali. Zile kamba mbili zilizoachana wakati wa kuvutwa?

Mvuvi_wa_Omena
Mimi sikuwepo siku hiyo lakini najua tunavyounganisha. Kushoto juu ya kulia, kulia juu ya kushoto, fundo bapa. Ndilo tunalofungia kila kitu, hata taa za usiku. Lako huenda walikosea wakapiga kushoto mara mbili, hilo ndilo linateleza.

Nahodha_Mstaafu
Hata wangelipiga sahihi. Fundo bapa ni la kufungia kitu kilichokaa chini yake: tanga lililokunjwa, turubai, mdomo wa gunia. Kile kitu ndicho kinachosukuma fundo na kulikaza. Ukiliweka hewani kati ya boti mbili halina cha kuegemea. Jaribu mwenyewe: lifunge kwa kamba mbili, kisha shika mkia na kamba ndefu ya upande mmoja, uvute kwa nguvu zinyooke. Kamba ya pili inabaki vitanzi viwili vinavyoteleza juu ya ile iliyonyooka, na unavitoa kwa mkono. Kamba zikiwa na unene tofauti ni haraka zaidi.

Kamba zao zilikuwaje?

Boti_ya_Dunga
Moja hii yangu ya bluu. Nyingine yao ya nanga, nyembamba, kama nusu ya unene.

Nahodha_Mstaafu
Basi ilikuwa lazima iachane. Kamba nene ikunje iwe kama ndoano, mkia na kamba ndefu vikilala sambamba. Nyembamba iingie ndani ya kunjo kutoka chini, izunguke nyuma ya miguu yote miwili ya ile nene, halafu ipite chini yake yenyewe. Isirudi ndani ya kunjo. Inayozunguka ni nyembamba daima, maana nene haikubali kupinda. Kwa plastiki izungushe mara mbili kabla ya kuipitisha chini yake. Mikia yote miwili itokee upande mmoja. Ikitokea pande tofauti, fundo linashika kwa kusitasita.

Kama umesahau haya yote na upepo unapiga, tengeneza bolini kwenye kamba ya kwanza, bolini nyingine ndani ya kitanzi chake. Si maridadi, ila itavuta, na baadaye utazifungua. Kumbuka tu kwamba fundo lolote linakula sehemu ya nguvu ya kamba, theluthi au zaidi. Kwa hiyo boti nzito isivutwe kwa kamba inayotosha tu bila fundo.

Mvuvi_wa_Omena
Hiyo ya kunyoosha nimejaribu sasa hivi na kipande. Imetoka kweli. Miaka yote hii.

Jembe_la_Usenge
Mimi nanga yangu ni jiwe. Nalifunga msalaba halafu nusu fundo, nusu fundo. Kila baada ya muda nanunua kamba nyingine kwa sababu inakatika pale pale kwenye jiwe. Fundo gani litazuia?

Nahodha_Mstaafu
Hakuna. Hapo kamba inasagwa na jiwe, na fundo halizuii kusagwa. Weka kipande cha mnyororo kati ya jiwe na kamba, au valisha kamba kipande cha mpira wa bomba la maji pale inapogusa. Ukiwa na mnyororo au nanga yenye pete, fundo lake ni hili: zungusha pete mara mbili kwa kulegea kidogo, na nusu fundo ya kwanza ipitishe ndani ya ile mizunguko miwili, ikibanwa nayo. Ya pili ifunge juu ya kamba kama kawaida. Halafu mkia uubane kwa uzi. Hilo hulioni likiwa chini ya maji, kwa hiyo lazima liwe la kutojifungua.

Naivasha_Maboti
Sisi huku Naivasha boti zetu zina vichwa vya chuma vya kufungia, vile vyenye pembe mbili. Tunazungusha chini mara moja, umbo la nane moja juu, na ya mwisho tunaigeuza ijifunge. Boti za watalii kumi kwenye gati moja, hakuna iliyotoka.

Nahodha_Mstaafu
Nzuri. Mimi kwa kamba ya plastiki huweka nane mbili kabla ya kugeuza, sababu ni ile ile ya kuteleza. Kuna wanaokataa kabisa kuigeuza ile ya mwisho, wanasema ikikazwa hutaitoa upesi.

Naivasha_Maboti
Hao hawajaamshwa saa nane za usiku na kiboko aliyepita chini ya gati. Isiyogeuzwa ingekuwa imeachia.

Mlamu_Kisumu
Na kamba ndefu je? Hamjanijibu vizuri. Ziwa lilipanda 2020 na linapanda bado misimu ya mvua.

Nahodha_Mstaafu
Kwa hilo uko sawa, kwa mtu anayesafiri na kuacha boti wiki nyingi. Kwa anayefunga jioni na kufungua asubuhi, kamba ndefu inaipa boti nafasi ya kukimbia na kujipiga mvuto mkali mwishoni. Ningependa afunge kamba mbili, moja mbele na moja nyuma, nguzo mbili tofauti. Boti isipozunguka nguzo, hata fundo baya linaishi zaidi.

Boti_ya_Dunga
Nguzo ya pili sina, nitaongea na watu wa BMU wanaosimamia ufuo kama naweza kuchimbia. Kwa sasa nimefunga bolini ya vitanzi viwili kwenye pete, mizunguko miwili na nusu fundo tatu nguzoni. Leo asubuhi nimeikuta pale pale, ila nusu fundo ya tatu ilikuwa imelegea, mkia umebaki kama vidole vinne.

Mwalimu_wa_Mbita
Mkia uliacha shibiri?

Boti_ya_Dunga
Shibiri ya mtoto, labda. Kamba ilikuwa imebaki fupi.

Nahodha_Mstaafu
Basi ongeza mkia, na mzunguko wa tatu nguzoni. Na uitazame pale inapogusa mti. Ukiona manyoya meupe au unga ukiipangusa, ni jua na msuguano. Geuza kamba, ncha ya boti iwe ya nguzo, kabla hujanunua nyingine.

Jembe_la_Usenge
Mpira wa bomba wa inchi ngapi kwa kamba ya milimita 10?